Sinki ya Kunawia Inavuja Chini: Pima Tredi na Paipu Kabla ya Kununua Wesiti na Trapu

Ukiona maji chini ya sinki ya kunawia, angalia viungo vinne. Cha kwanza ni pale wesiti, kile kifaa cha kwenye tundu la sinki kinachopitisha maji kwenda chini, inapokalia kauri kwa juu. Cha pili ni pale nati kubwa inapoibana wesiti hiyo kutoka chini. Cha tatu ni pale trapu, kile kifaa kinachobaki na maji ndani ili kuzuia harufu, inapofungwa kwenye mkia wa wesiti, na cha nne ni pale paipu ya kutolea maji inapoingia kwenye trapu. Hozi za mfereji ni habari nyingine, maana zina presha saa zote na huvuja hata usiku watu wamelala. Viungo hivi vinne havina presha. Huvuja maji yanapopita au yanapokaa juu yake, na kila kimoja kina wakati wake wa kuvuja. Ukiujua wakati, umeshajua kiungo.

Wengi hawafanyi hivyo. Huona unyevu kabatini, hufungua kila kitu, hubeba trapu kuukuu mpaka dukani na kuomba "kama hii". Hapa Malindi njia hiyo inawapotosha watu sana, na sababu yake ni ya kueleweka kabisa. Nyumba nyingi za upande wa Kasuarina na za kuelekea ufuoni zilijengwa na Waitaliano, na vifaa vya bafuni walikuja navyo kutoka kwao. Madukani, kwa upande mwingine, utakuta pia vifaa vinavyofuata vipimo vya Kiingereza. Vyote viwili vinaitwa vya inchi na robo, na vyote viwili huandikwa 32 kwenye pakiti. Juu, kwenye tredi, yale meno ya kufungia nati, vinafanana na vinaingiliana bila shida. Chini, kwenye paipu, havifanani. Trapu inakubali juu, mwenye nyumba anafurahi, kisha inavuja chini kwa miaka.

Nitaeleza jinsi ya kukitafuta kiungo kinachovuja, kisha nitapita hatua kwa hatua kwenye kazi moja ya Kasuarina ambapo tatizo lilikuwa hilo hilo.

Majaribio manne, kwa mpangilio

Toa kila kitu kabatini. Funga mfereji, futa wesiti, trapu na paipu kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa, kisha zungusha kipande cha tishu kwenye kila kiungo. Tandika gazeti kavu chini. Tishu itaonyesha tone dogo kabla jicho halijaliona, na itakuonyesha limeanzia wapi. Hilo ni muhimu kwa sababu maji hushuka: kiungo cha juu kikivuja, kila kilicho chini yake hulowa, na watu huishia kubadilisha trapu nzima kabisa kwa kosa la nati ya wesiti. Tazama siku zote tishu ya juu kabisa iliyolowa.

Jaribio la kwanza ni kufungulia mfereji kidogo, mfuniko ukiwa wazi, maji yapite tu bila kujaa. Tishu ya trapu ikilowa hapa, washa yake imekufa, nati imefungwa mshazari, au kikombe cha chini cha trapu ya chupa hakijakaa vizuri.

La pili, funga mfuniko, jaza sinki nusu, maji yasifike kwenye tundu la kufurika, na utie alama ya penseli pale maji yalipoishia. Ngoja robo saa. Tishu ya nati kubwa ikilowa, maji yanapita chini ya ukingo wa wesiti, yanateremka katikati ya wesiti na kauri, na washa ya chini imeshindwa kuyazuia. Lakini kuna hali nyingine hapa ambayo huwachanganya hata mafundi: maji yanashuka kutoka kwenye alama, na chini ni kukavu kabisa. Hapo ama mpira wa mfuniko haubani, ama maji yanapita chini ya ukingo na kuingia ndani ya wesiti kupitia nafasi zake za ubavuni, kisha yanakwenda zake kwenye trapu kama kawaida. Kutofautisha ni rahisi. Weka kipande cha mfuko wa nailoni chini ya mfuniko, ubonyeze ufunge, ujaze tena. Maji yakitulia, tatizo ni mpira wa mfuniko. Yakiendelea kushuka, ni ukingo, na wesiti lazima itoke.

La tatu, acha mfuniko umefungwa na uendelee kujaza pole pole mpaka maji yaingie kwenye tundu la kufurika. Ndani ya kauri kuna njia inayoyateremsha maji hayo mpaka kwenye uwazi unaoizunguka wesiti, na yanatakiwa kuingia ndani yake kupitia zile nafasi za ubavuni. Kukiwa na uvujaji hapa pekee, washa ya chini ya kauri ndiyo iliyochoka, au mtu aliweka wesiti isiyo na nafasi kwenye sinki yenye tundu la kufurika. Katika hali hiyo ya pili maji hayana pa kwenda, na yatatafuta njia kwenye tredi hata ukaze nati namna gani.

La nne, sinki ikiwa imejaa, fungua mfuniko uyaachilie maji yote kwa mkupuo. Trapu na paipu hapa hubeba mzigo ambao hazibebi mtu anaponawa mikono. Kiungo cha paipu kilicholegea huonekana wakati huu.

Kazi ya Kasuarina

Mpangaji, mama mtu mzima aliyeipanga nyumba hiyo na familia yake, alinieleza tatizo vizuri kuliko wengi.

"Mwanangu, tukinawa mikono hakuna kitu. Wajukuu wakijaza sinki, wakaachilia, kabati lote laloa."

"Na mfuniko, bi mkubwa, unashika maji?"

"Hata. Lazima niusukume kwa kidole, na bado yaondoka."

Maneno hayo yalikuwa yameshataja mambo mawili tofauti. Kabati kulowa wakati wa kuachilia ni kiungo cha paipu. Maji kuondoka mfuniko ukiwa umefungwa ni wesiti. Nilifanya majaribio yote hata hivyo. La kwanza, kukavu. La pili, maji yalishuka chini ya alama na mfuko wa nailoni haukusaidia kitu. Tishu ya nati kubwa nayo ilipata unyevu kidogo. La nne, tishu iliyokuwa kwenye paipu ilidondoka yenyewe kwa kulowa.

Nilipomulika tochi nikaona kilichofanyika. Kutoka ukutani kulikuwa na mrija mwembamba wenye kromu, ule wa asili wa nyumba. Trapu ilikuwa ya plastiki nyeupe, mpya kuliko mrija. Mahali vinapokutana palijaa silikoni iliyopakwa juu ya tepu ya tredi, na juu ya silikoni hiyo pana silikoni nyingine. Nati ilikuwa imekazwa kwa pipu renchi mpaka ikapata mkunjo. Nilipoishika trapu na kuitikisa, mrija ulicheza ndani yake.

Kupima bila kalipa

Kalipa, kile chombo cha kupimia upana wa paipu, ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, ukanda wa karatasi unafanya kazi hiyo kwa uhakika, na mtu yeyote anaweza kuupima na kuutuma kwa simu. Kata ukanda mwembamba kwenye ukurasa wa daftari, uzungushe kwenye paipu ukibana, utie alama pale unapokutana, kisha uulaze mezani na kupima urefu kwa rula ya milimita. Urefu huo ukiugawa kwa 3.14 unapata upana wa paipu kwa nje. Usipime kwa kuiweka rula juu ya mdomo wa paipu. Jicho hukosea milimita mbili bila shida, na milimita mbili ndizo zinazotofautisha kiungo kikavu na kinachovuja. Usipime upana wa ndani pia, maana mpira wa trapu hubana nje.

Ukanda wa karatasi ukisoma kama milimita 100 au 101, paipu ni ya 32 kweli kweli kwa nje. Ndicho kipimo cha Kitaliano. Ukisoma 114, paipu ni ya milimita 36 na nukta, na hiyo ndiyo "inchi na robo" ya Kiingereza ya kugundisha kwa gamu. Iko pia ya Kiingereza ya kusukuma kwa mpira, inayokaribia 35, na ukanda wake husoma kama 109. Paipu kubwa zaidi zina kisa kile kile: ukanda wa 126 ni paipu ya 40 kamili, na wa 135 ni ya 43, ile inayoitwa inchi na nusu.

Kwa nini paipu ya 36 iitwe inchi na robo, ambayo ni karibu milimita 32? Kwa sababu jina hilo linafuata uwazi wa ndani, si upana wa nje. Waingereza walipohamia milimita waliandika 32 badala ya inchi na robo, na paipu yenyewe ikabaki vile vile. Ndiyo maana pakiti mbili zenye namba moja zina vitu visivyoingiliana.

Tredi ya wesiti hupimwa baada ya kuifungua trapu. Hapa pia ni nje, juu ya meno. Tredi ya inchi na robo ina karibu milimita 42, ukanda ukisoma 132. Tredi ya inchi na nusu ina karibu 48, ukanda ukisoma 150. Sinki za kunawia karibu zote ni za 42. Za 48 ni za jikoni. Nati ya trapu ya jikoni itapita juu ya wesiti ya bafuni bila kushika jino hata moja, kwa hiyo kosa hilo hujionyesha papo hapo. Ila angalia usichanganye tredi ya 42 na paipu ya 43. Moja ina meno na nyingine ni laini, na rula ya zamani iliyofutika namba haitazitofautisha.

Pima pia tundu la kauri lenyewe, wesiti ikishatoka. Kwa wesiti ya inchi na robo huwa ni karibu milimita 45. Halafu pima unene wa kauri pale wesiti inapopita, maana wesiti fupi kwenye sinki nene haitaacha tredi ya kutosha kwa nati na trapu.

Kwa bi mkubwa vipimo vilitoka hivi: tredi ya wesiti ukanda 132, yaani inchi na robo. Mrija wa kromu ukanda 101, yaani 32. Uwazi wa mpira wa ile trapu nyeupe ulikuwa umetengenezwa kwa paipu ya 36. Kwa hiyo kati ya mrija na mpira palikuwa na milimita nne za bure, mbili kila upande, na mtu alitaka kuziba nafasi hiyo kwa silikoni. Silikoni hushika vizuri mahali vitu vimetulia. Trapu hutikisika kila mtu anapogusa kabati au kuweka ndoo, na silikoni nene iliyokaa kwenye kromu laini huachia pole pole upande mmoja. Kukaza nati hakusaidii: mpira hubanwa kwenda mbele mpaka uishe nafasi, na ukizidi, nati hupinda.

Njia mbili za kutokea hapo

Ya kwanza ni kununua trapu inayofuata mrija, yaani yenye tredi ya inchi na robo juu na mpira wa 32 kamili chini. Trapu za chupa za mtindo wa Kitaliano huja na mrija wake na sahani ya kufunika tundu la ukutani. Ya pili ni kuiacha trapu ya Kiingereza, kuuondoa mrija wote mpaka ukutani, na kuweka paipu ya 36 badala yake. Njia hii hutegemea kilichomo ukutani.

Niliuchomoa mrija pole pole. Ndani ya ukuta palikuwa na paipu ya plastiki ya 40, na kwenye mdomo wake mpira wa kupunguza, unaobana paipu ya 40 kwa nje na mrija wa 32 kwa ndani. Mpira huo ulikuwa mzima, umekuwa mgumu kidogo tu ukingoni. Hapo uamuzi ukawa rahisi. Kuiingiza paipu ya 36 kungehitaji kubomoa lipu na kutafuta kiungo cha kuunganisha 40 na 36, wakati ukuta wenyewe ulishatayarishwa kwa 32. Nilichagua njia ya kwanza. Kama ukuta wako una paipu ya Kiingereza ya 36 inayochomoza nje, chagua ya pili bila kusita, hata kama trapu ya kromu inapendeza zaidi.

Nilimwandikia kijana wa nyumba karatasi ya kwenda nayo dukani, na ninashauri uandike hivyo hivyo badala ya kutaja jina la kitu: "Wesiti ya kubonyeza, tredi nje 42, yenye nafasi ubavuni, kauri unene 50. Trapu ya chupa, nati ya tredi 42, mrija wa nje 32." Nikampa pia ule ukanda wa karatasi, auzungushe kwenye mrija wa trapu kabla hajalipa. Alama zikikutana, anunue.

Kwa walioko Lamu, karatasi hiyo ina uzito mara dufu. Kifaa kikikosekana mjini, huagizwa Malindi au Mombasa, hushushwa Mokowe na kuvushwa kwa boti, kisha hubebwa kwa punda au begani. Kukirudisha kwa sababu ya milimita nne ni hasara ya siku nzima. Na kwa nyumba za kule zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, ningeacha kabisa trapu za kromu nyepesi. Chumvi hupenya kwenye kromu na kuila madini ya chini yake, na mwanzo wake utauona kama vidoti vya kijani au vyeupe karibu na nati. Plastiki nzuri haina urembo huo, lakini haiozi.

Kuitoa wesiti ya zamani

Weka ndoo chini ya trapu, maana ndani yake kuna maji hata sinki ikiwa kavu. Fungua nati kwa mkono. Ukishindwa, tumia renchi ukiwa umefunga kitambaa. Mwaga maji ya trapu kwenye ndoo, usiyamwage kwenye sinki ile ile isiyo na trapu.

Nati kubwa ya wesiti ndiyo inayosumbua. Kwa bi mkubwa ilikuwa ya shaba na imeshikana na wesiti kwa kutu ya kijani. Ukiizungusha hivyo, wesiti nzima inazunguka pamoja nayo. Mtu mmoja ashike kutoka juu kwa kupitisha mikono miwili ya plaizi ndani ya wesiti kwenye msalaba wake, mwingine azungushe nati. Ikigoma bado, usiongeze nguvu. Kauri hupasuka ghafla, na sinki mpya ni ghali kuliko chochote kilichomo kwenye kazi hii. Chukua bledi ya hakso, ikate nati mshazari kutoka ubavuni mpaka karibu na tredi, kisha ipanue kwa bisibisi bapa ndani ya mkato. Itapasuka na kuachia. Tia kipande cha kadibodi kati ya bledi na kauri muda wote.

Ikishatoka, safisha tundu juu na chini. Kwaruza silikoni ya zamani kwa wembe wa plastiki au ukingo wa kadi ngumu, toa magamba meupe ya chokaa kwa siki na brashi, kisha kausha kabisa. Ukiruka hatua hii, washa mpya itakalia uchafu wa zamani na jaribio la pili litakurudisha ulipoanzia.

Kufunga mpya

Chini ya ukingo wa wesiti mpya kuna mpira wake. Kama kauri ni laini na tambarare, mpira unatosha. Ya bi mkubwa ilikuwa na kigongo kidogo upande mmoja, kwa hiyo nilizungusha uzi mwembamba wa silikoni chini ya ukingo. Hakikisha silikoni haiingii kwenye nafasi za ubavuni. Iingize wesiti, nafasi zake zikielekea upande ambako njia ya tundu la kufurika inateremkia.

Chini fuata mpangilio huu: mpira mnene wenye umbo la koni, upande mwembamba ukitazama kauri, kisha washa ya plastiki, kisha nati. Kabla ya kupandisha mpira, paka silikoni kidogo kuzunguka tredi pale mpira utakapokaa. Sababu ni kwamba tredi ni njia ndefu iliyojizungusha kama ngazi ya mnara, na maji ya tundu la kufurika huifuata taratibu mpaka yatokee chini ya nati hata mpira ukiwa umebana kauri vizuri. Shika wesiti isizunguke, uizungushe nati tu. Ukizungusha wesiti unaisokota silikoni uliyoipaka juu.

Kaza kwa mkono mpaka ushindwe, kisha robo mzunguko kwa renchi. Inatosha.

Trapu haihitaji tepu ya tredi wala silikoni. Kinachozuia maji pale ni washa bapa ndani ya nati, si tredi, na tepu nene huizuia nati isifike kwenye washa. Ukiona fundi anazungusha tepu kwenye nati ya trapu, mwulize washa iko wapi.

Mrija nao hukatwa kwa kipimo. Simamisha trapu mahali pake bila kukaza, pima kutoka kwenye kituo cha ndani cha trapu mpaka ndani ya mpira wa ukutani, ukihakikisha mrija unaingia milimita 25 kila upande. Kata kwa hakso kwa pembe mraba kabisa, kisha lainisha ukingo kwa kisu na msasa, kwani makali ya mkato huchana mpira unapoingia na mpasuko wake hauonekani. Pitisha nati kwenye mrija kwanza, kisha pete ya plastiki, kisha mpira, upande wake mwembamba ukielekea trapu. Watu huusahau mpangilio huu, wakaugeuza mpira, na kiungo kikavuja kikiwa kipya. Lowesha mpira kwa maji ya sabuni, usitumie mafuta ya injini wala grisi.

Mrija uteremke kidogo kuelekea ukutani. Milimita 20 kwa kila mita ni mteremko mzuri. Ukiwa mkali mno au paipu ikiwa ndefu mno bila tundu la hewa, maji hukimbia na kuyavuta yale ya trapu, na utasikia mgugumio mwishoni kisha harufu ya tangi la majitaka siku inayofuata. Kwa paipu nyembamba ya namna hii, zaidi ya mita 1.7 mpaka kwenye paipu kubwa ni kualika tatizo hilo. Harufu isiyo na uvujaji, basi, haitibiwi kwa kukaza nati. Tazama urefu na mteremko, na tazama kama kina cha maji ndani ya trapu kinafika milimita 75, kwa sababu trapu fupi za urembo huwa na kidogo kuliko hicho.

Kurudia majaribio

Pale nilipotumia silikoni niliomba sinki isiguswe mpaka kesho yake. Kisha tukarudia majaribio manne kwa tishu mpya. La pili, maji yalikaa kwenye alama robo saa nzima. La tatu, kukavu. La nne, wajukuu wenyewe ndio walioachilia maji huku bibi akiwa ameinama na tochi, na tishu ya paipu ikatoka kama ilivyoingia.

Kitu kimoja kikibaki kulowa baada ya haya yote, nacho ni lipu ya ukutani karibu na sahani, kiungo kinachovuja kiko ndani ya ukuta. Chomoa mrija, mwaga kikombe cha maji polepole moja kwa moja kwenye paipu ya ukutani kwa mpira wa maji mwembamba unaoingia ndani kabisa. Lipu ikilowa, paipu ya ndani imepasuka au kiungo chake kimeachia, na trapu yoyote utakayonunua haitagusa tatizo hilo. Kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa unyevu husafiri mbali, kwa hiyo doa huenda likatokea futi kadhaa kutoka kwenye mpasuko. Anza kubomoa pale paipu inapoingia ukutani na ufuate paipu, usianzie pale doa lilipo.